Kwa Nini Tunaandika "Thanks for Your Cooperate"

Sentensi hiyo utaikuta mwishoni mwa baruapepe za ofisini, kwenye matangazo yaliyobandikwa milangoni, kwenye makundi ya wazazi ya WhatsApp na kwenye barua za kuomba kazi. Aliyeiandika alitaka kusema asante kwa ushirikiano wako, na aliyeisoma amemwelewa. Ukiitazama herufi kwa herufi huoni kosa. Kila neno limeendelezwa sawasawa, na ndiyo maana mstari mwekundu wa tahajia haukutokea kwenye kompyuta. Tatizo ni kwamba "cooperate" ni kitenzi, yaani shirikiana, nacho kimekalia nafasi ya nomino "cooperation", yaani ushirikiano.

Walimu wa Kiingereza huliita kosa la umbo la neno. Aliyelifanya hakukosea kuchagua neno, maana neno analijua, na maana yake anaijua. Amelishika kwa umbo lisilofaa tu: ameweka kitenzi penye nomino, au nomino penye kivumishi, au kivumishi penye kielezi. Nimekuwa nikihariri barua za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili, na sijaona kosa linalowaumiza zaidi ya hili. Sababu ni kwamba linatokea mahali ambapo msomaji anakuwa macho: kwenye salamu, kwenye shukrani, kwenye kuomba radhi, kwenye sentensi ya kwanza ya ombi la kazi. Mtu huyohuyo anaweza kuwa ameeleza vizuri hesabu ngumu ya bajeti katika ukurasa wa pili, lakini mwajiri alishamhukumu kwa mstari wa kwanza.

Kinachonisikitisha ni jinsi kosa hili linavyosahihishwa. Kalamu nyekundu inapita juu ya "cooperate", panaandikwa "cooperation", basi. Wiki inayofuata mtu yuleyule anaandika "thanks for your understand". Alisahihishiwa neno moja, hakuonyeshwa kwa nini alikosea. Na sababu ipo, tena inaeleweka kabisa kwa anayezungumza Kiswahili.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Tunasema ushirikiano wako, heshima yako, jibu lako, chakula chako, kushirikiana kwako. Kila nomino inakishika kivumishi cha kumiliki na kukigeuza: wako, yako, lako, chako, kwako. Huwezi kulitamka neno hilo la kumiliki kabla hujajua nomino yenyewe iko katika ngeli gani. Mtu akijaribu kusema asante kwa shirikiana, kisha aweke la kumiliki, atakwama hapohapo. Aseme shirikiana yako? Shirikiana wako? Hakuna linalokubali, kwa kuwa shirikiana peke yake haina ngeli ya kulishika. Kwa hiyo Kiswahili kina mlinzi mlangoni. Kitenzi kikija kwenye kiti cha nomino bila ku- yake, upatanisho wa kisarufi unakizuia kabla sentensi haijaisha.

Kiingereza hakina mlinzi huyo. "Your" ni "your" tu, kwa mtu mmoja au wengi, kwa chakula au kwa ushirikiano. Haigeuki, kwa hiyo haimshtui mwandishi. Kitenzi kinapita mbele yake bila kupigiwa kelele.

Kuna na jambo la ku- yenyewe. Kushirikiana ni kitenzi na ni nomino kwa wakati mmoja. Tunataka kushirikiana, hapo ni kitendo kinachofuata kutaka; kushirikiana kwetu kumezaa matunda, hapo ni nomino kamili yenye ngeli yake. Asante kwa kushirikiana nasi ni Kiswahili safi. Mwenye kufikiri hivyo akiingia kwenye Kiingereza anakuta umbo lake moja limegawanywa mara tatu: "cooperate" kwa kitendo, "cooperating" kwa kule kushirikiana, na "cooperation" kwa ushirikiano. Akichukua lile la kwanza, ambalo ndilo lililoandikwa juu kabisa kwenye kamusi, amefanya jambo ambalo lugha yake inaliruhusu kila siku.

Kisha kuna mtego ambao Kiingereza chenyewe kimeutega, nao naona ndio mkubwa kuliko yote. Maneno ya mwanzo kabisa ambayo mtoto anafundishwa katika lugha hiyo ni yale yenye umbo moja kwa kitenzi na nomino. "Help" ni saidia na ni msaada pia. "Work" ni fanya kazi na ni kazi. "Answer" ni jibu kwa pande zote mbili. "Visit", "support", "respect", "reply", "request", "report", "call", zote ziko hivyo. Mtoto anaandika "thanks for your help", anapata vema. Anaandika "thanks for your support", anapata vema. Baada ya sentensi kama hizo anajijengea kanuni kichwani: baada ya "your" weka kitenzi unachokijua. Kanuni inafanya kazi miaka kadhaa, mpaka siku anapokutana na maneno marefu. "Reply" ilikubali, "respond" inakataa, inataka "response". "Support" ilikubali, "assist" inakataa, inataka "assistance". "Visit" ilikubali, "arrive" inakataa, inataka "arrival". Hakuna aliyemwambia kwamba kanuni yake ilikuwa ya maneno mafupi tu, na hata hayo mafupi si yote.

Kwa hiyo anayeandika "your cooperate" hakuacha kufikiri. Amefikiri, tena kwa mpangilio, kutoka kwenye mifano sahihi aliyopewa.

Anayetaka kusikia kosa hili linavyopiga sikio la mzawa wa Kiingereza asikilize kosa kama hilo likija kwetu. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikuambia "asante kwa heshimu yako", utamwelewa mara moja, na utajua papo hapo kwamba ni mgeni. Heshimu ni kitenzi, heshima ni nomino. Vokali moja tu imebadilika. Vivyo hivyo amini na imani, safiri na safari, shukuru na shukrani, samehe na msamaha, fikiri na fikra, bariki na baraka, ahidi na ahadi. Sasa jiulize: kanuni yake ni ipi? Kwa nini safiri inatoa safari, lakini shukuru inatoa shukrani? Na kwa nini jibu, idhini na tafsiri hazibadiliki kabisa, kitenzi na nomino ni kitu kimoja? Hukufundishwa kanuni. Uliyasikia maneno hayo mawili mawili tangu utotoni, ukayabeba mawili mawili.

Maneno hayo mengi asili yake ni Kiarabu, na Kiarabu hubadilisha vokali ndani ya mzizi. Kiswahili kilipoyachukua, kilichukua kitenzi na nomino kila kimoja kikiwa kimeshaundwa huko kilikotoka. Maneno ya Kibantu yana mpango unaoonekana zaidi. Cheza inatoa mchezo, imba inatoa wimbo, linda inatoa mlinzi na ulinzi: tunaweka kiambishi mbele, tunageuza irabu ya mwisho, na wakati mwingine konsonanti nayo inalegea. Angalia kwamba dalili kubwa ya aina ya neno kwetu iko mbele. Ukisikia m-, ki- au u- unajua kinachokuja kabla neno halijamalizika.

Kiingereza kimepitia historia kama yetu, ila kwa upande mwingine. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na kwa karne kadhaa maneno yenye asili ya Kifaransa na Kilatini yaliingia kwa wingi, kila moja na mkia wake. Mikia ya kienyeji ilibaki: "kind" ikatoa "kindness", "long" ikatoa "length", "strong" ikatoa "strength". Ya kigeni ikakaa kando yake: "agree" inatoa "agreement", "refuse" inatoa "refusal", "assist" inatoa "assistance", "permit" inatoa "permission". Na dalili ya aina ya neno ikawa nyuma, kwenye silabi za mwisho. Hapo ndipo sikio letu lililozoea kusikiliza mbele linapopitwa. Katika mazungumzo ya haraka mkia wa neno la Kiingereza humezwa nusu, na mtu anaweza kusikia neno mara mia asijue linaishiaje mpaka siku anapotakiwa kuliandika.

Wanaozungumza Kiswahili wa Kongo, Rwanda na Burundi waliopitia shule za Kifaransa wana nafuu kidogo hapa. Nomino za -tion wanazo tayari, kwa kuwa Kifaransa huzitumia kwa maandishi yaleyale au yanayokaribiana. Kosa la "your cooperate" si lao sana. Wao wana makosa yao mengine.

Sasa tuichukue barua nzima. Hii nimeitunga kwa kukusanya makosa ninayoyaona mara kwa mara katika barua za biashara. Karani wa kampuni ya usafirishaji anamwandikia mteja ambaye mzigo wake umechelewa:

"We inform you about the delay of your deliver. The road is very difficulty because of rain. We will analysis the problem. Please accept our apologize. Your patient is high appreciated. Thanks for your cooperate."

Sentensi sita, na makosa saba. Maana yake inaeleweka yote, au karibu yote. Tuipitie kwa utulivu.

"Your deliver" ni ndugu wa "your cooperate": kitenzi kimekaa baada ya "your", ilitakiwa "delivery". Zingatia kwamba "delay" katika sentensi hiyohiyo iko sahihi, kwa kuwa ni miongoni mwa yale maneno yenye umbo moja. Maneno mawili yamekaa karibu, moja linakubali na jingine linakataa, na karani hana namna ya kujua kwa kuyatazama tu.

"Very difficulty" imegeuka upande wa pili. Hapa palitakiwa kivumishi "difficult", ikaja nomino. Kosa hili nalo lina mzizi katika Kiswahili, kwa sababu sisi sifa nyingi tunazieleza kwa nomino. Hatuna haja ya kivumishi cha njaa. Tunasema ana njaa. Ana furaha, ana huzuni, ana subira, ana mafanikio, ni mtu wa heshima, ni kazi ya hatari. Anayetoka huko anaandika "she is very success" na "this work is danger", kwa kuwa kichwani mwake kuna mafanikio na hatari, nomino zote mbili, wakati Kiingereza kinataka "successful" na "dangerous".

"We will analysis" ni nomino mahali pa kitenzi, ilitakiwa "analyse". Neno hili huwakamata hata wenye shahada, kwa kuwa ripoti zina kichwa cha habari "Analysis" kila mahali na kitenzi chake hakionekani sana. Mtu hulishika umbo analolisoma mara nyingi zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa "success": limeandikwa kwenye kadi na mabango ya mahafali, basi tunaandikiana "I hope you will success", badala ya "succeed".

"Our apologize" inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ni sentensi ya kuomba radhi na ikiharibika inaonekana kama radhi yenyewe haikufikiriwa. "Apologize" ni kitenzi. Nomino ni "apology", na katika barua huandikwa kwa wingi, "our apologies".

"Your patient" ndilo kosa pekee katika barua hii linaloweza kupotosha maana. Karani alitaka "patience", yaani subira. "Patient" kama kivumishi ni mwenye subira, lakini baada ya "your" linasomeka kama nomino, na nomino hiyo ni mgonjwa. Mgonjwa wako anathaminiwa sana. Katika barua ya kampuni ya mizigo msomaji atakisia kilichokusudiwa. Katika barua inayotoka zahanati kwenda kwa familia ya mtu aliyelazwa, hatakuwa na uhakika.

"High appreciated" ni kivumishi mahali pa kielezi. Kielezi cha Kiingereza kwa kawaida huishia na -ly, hivyo "highly". Sisi tunasema sana, au tunaweka ki- au vi- mbele: kirafiki, vizuri. Kwa hiyo mkia wa -ly unasahaulika kwa urahisi. Na mwisho ni "cooperate" yetu, inayotakiwa kuwa "cooperation".

Je, mtu afanyeje asipokuwa na mhariri pembeni? Mimi huwapa watu kipimo kimoja kisichohitaji istilahi za sarufi. Chukua maneno matatu ambayo hakuna aliyefika kidato cha kwanza anayeyachanganya: "eat", kula, "food", chakula, "hungry", mwenye njaa. Kitenzi, nomino, kivumishi. Ukiwa na shaka na neno lolote, lifunike kwa kidole, uweke mojawapo ya hayo matatu mahali pake, kisha usome. "Thanks for your eat." Kila mtu anasikia kwamba hapana. "Thanks for your food." Hapo sawa. Basi nafasi hiyo ni ya nomino, na neno lako sharti liwe nomino. "We will food the problem" haiwezekani, "we will eat the problem" ni sentensi ya ajabu lakini umbo lake limesimama, hivyo panatakiwa kitenzi: "analyse". "She is very food" hapana, "she is very hungry" ndiyo, basi andika "successful".

Usitumie "help" wala "work" kwenye kipimo hiki, maana hayo yanakubali penye kitenzi na penye nomino pia, na hayatakuambia kitu. Nguvu ya kipimo iko kwenye maneno ambayo maumbo yake hayafanani hata kidogo. Mipaka yake nayo ipo. Kinakuambia aina gani ya neno inatakiwa. Hakikuambii neno lenyewe linaishiaje. Na kielezi hakikishiki vizuri.

Kujua neno linaishiaje ni suala la kumbukumbu, lakini si lote. Kuna maeneo ambayo Kiingereza kina utaratibu, na yanafaa kujifunza kwanza. Vitenzi virefu vinavyoishia na -ate karibu vyote hutoa nomino ya -ation: "cooperate", "educate", "communicate", "participate", "donate", "translate", "investigate". Yaani neno lililotuanzishia makala haya liko katika kundi lenye nidhamu kuliko mengi. Vinavyoishia na -ify hutoa -ification: "notify", "clarify", "verify". Vinavyoishia na -ise au -ize mara nyingi hutoa -isation, kama "organise", ingawa "apologise" na "criticise" vimekataa utaratibu, vikatoa "apology" na "criticism". Kwa vivumishi, -ness inakubali kwenye maneno mengi ya kawaida. Baada ya hapo ni kukariri moja moja, na kuna yanayobadilika hata katikati: "explain" inapoteza i na kuwa "explanation", "maintain" inakuwa "maintenance", "pronounce" inapoteza o na kuwa "pronunciation".

Mwaka 2002 watafiti Norbert Schmitt na Cheryl Boyd Zimmerman walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa vyuo ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Waliwapa neno na kuwataka watoe nomino, kitenzi, kivumishi na kielezi chake. Waligundua kwamba ni nadra mtu kujua maumbo yote manne, na ni nadra pia kutojua hata moja. Wengi walijua baadhi. Nomino na vitenzi viliwawia rahisi kuliko vivumishi na vielezi. Hao walikuwa watu wanaosoma chuo kikuu kwa Kiingereza. Basi kudhani kwamba aliyejua "cooperate" amejua "cooperation", "cooperative" na "cooperatively" ni kudhani kisicho kweli, na vitabu vya shule vinavyoorodhesha msamiati neno moja moja na tafsiri yake pembeni vimejengwa juu ya dhana hiyo.

Nchini Tanzania jambo hili lina uzito wake wa pekee. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanakuwa kwa Kiingereza. Katika muda mfupi anakutana na "evaporate" na "evaporation", "colonise" na "colonisation", "digest" na "digestion", katika masomo tofauti, kwa walimu tofauti. Mwalimu wa biolojia anamfundisha jinsi tumbo linavyosaga chakula, si mikia ya maneno. Mwalimu wa Kiingereza naye ana orodha yake. Maumbo mawili ya neno moja yanakaa katika madaftari mawili na hayajawahi kukutana.

Kosa hili lina sura nyingine pia. Binti wa dada yangu aliniletea barua yake ya kuomba kazi ya mapokezi. Alikuwa ameanza hivi: "I am very interesting in this job."

"Shikamoo, mjomba. Naomba uniangalizie kabla sijaituma."

"Marahaba. Hapa umesema unavutia."

"Nimesema navutiwa na kazi, mjomba."

"Ulikusudia hivyo. Hebu niambie, kuvutia na kuvutiwa ni kitu kimoja?"

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Kumbe! Mimi ndiye ninayevutiwa, kazi ndiyo inayovutia."

Hapo sikuwa na la kuongeza. Alifuta mwenyewe, akaandika "interested". Halafu akaniuliza kuhusu "boring" na "bored", nikamwambia atumie njia ileile: kuchosha na kuchoka. Somo linachosha, mwanafunzi amechoka. Habari inashangaza, msikilizaji ameshangaa. Habari ni "surprising", msikilizaji ni "surprised". Tofauti ambayo vitabu vya Kiingereza huieleza kwa kurasa, Kiswahili kinaibeba katika kitenzi chenyewe, na mtoto wa miaka mitano haikosei.

Ninalisisitiza hili kwa walimu wanaowakataza wanafunzi kukigusa Kiswahili darasani wakati wa somo la Kiingereza. Sehemu ya kosa la umbo la neno inatoka kwenye Kiswahili, nakubali. Lakini tiba yake nayo mara nyingi iko hukohuko. Mwanafunzi anayeweza kutofautisha heshimu na heshima bila kufikiri tayari anajua kitenzi na nomino ni vitu viwili. Anachohitaji ni mtu wa kumwonyesha kwamba "respond" na "response" ni heshimu na heshima, kwamba "respect" ni jibu lisilobadilika, na kwamba "cooperation" ni ushirikiano wenye u- yake, ila u- hiyo wenzetu wameiweka nyuma.

Kwa anayeandika barua leo, ninalopendekeza ni hili. Ukijifunza kitenzi kipya cha Kiingereza, usikiandike kwenye daftari peke yake. Kiandike na nomino yake, kila moja ndani ya kipande cha sentensi ambacho utakihitaji kweli: "please cooperate", "your cooperation", "please respond", "your response", "we apologize", "our apologies". Kivumishi kije baadaye, ukishakikuta kwenye maandishi. Na kabla ya kutuma barua, ipitie mara moja kwa ajili ya kosa hili tu. Usisome maana. Tafuta "your", "our", "the" na "for", utazame neno linalofuata linaishiaje. Tafuta "will", "can" na "please", utazame tena. Tafuta "very". Barua ya nusu ukurasa haina sehemu kama hizo zaidi ya kumi au kumi na tano, na pale unapositasita, weka "food".